Hipthrasti au skwati: makalio yanabeba mzigo wapi hasa?

*"Nina miaka 29 na kilo 65. Nimepiga skwati mwaka na nusu, sasa nabeba kilo 60 mara nane. Nashuka nusu hivi, magoti yakifika nyuzi 90 napanda. Mapaja yamejaa mpaka suruali zinabana, ila makalio yako vilevile. Kocha wa jimu anasema skwati haiamshi makalio, niiache kabisa nifanye hipthrasti tu, eti vipimo vya umeme wa misuli vimeonyesha inaamsha mara mbili zaidi. Nimejaribu na kilo 80, nikasikia nyuma ya mapaja na kiunoni, makalio kimya. Nifuate ipi? Mapaja sitaki yaongezeke tena."*

Dada, kocha wako amekuelekeza kwenye zoezi linalokufaa, lakini sababu aliyokupa ina kasoro. Ukiichukua kama ilivyo utaacha kitu ambacho makalio yako bado hayajawahi kukipata. Nianze na msuli wenyewe, maana ukishaelewa unavyofanya kazi, mengine yote yatakaa sawa.

Msuli mkubwa wa makalio umeanzia nyuma ya fupanyonga, ukashuka kwa mshazari na kushika upande wa nje wa paja. Kazi yake kubwa ni kuinyoosha nyonga. Tuseme ukisimama wima nyonga yako iko nyuzi 0, na ukikaa kitini iko nyuzi 90. Kila unapotoka kwenye mkunjo kurudi wima, makalio yanavuta. Ila hayavuti peke yake. Yanasaidiwa na misuli ya nyuma ya paja, na pia na msuli mkubwa wa ndani ya paja, ambao watu wengi huusahau. Nani kati yao anabeba sehemu kubwa, hilo hutegemea nyonga imekunjwa kiasi gani, na goti nalo limekunjwa kiasi gani.

Sasa twende kwenye skwati. Chuma kiko mabegani, na uzito wake unashuka wima kupita katikati ya wayo. Ukiwa umesimama, nyonga iko karibu kabisa na mstari huo, kwa hiyo hakuna kinachoizungusha na makalio yamepumzika. Ukianza kushuka, nyonga inarudi nyuma na kuachana na mstari. Umbali huo wa kulala, kutoka kwenye nyonga hadi kwenye mstari wa uzito, ndio unaoamua kazi ya nyonga. Ni kama mlango: ukiusukuma karibu na bawaba unahangaika, ukiusukuma ukingoni unakwenda wenyewe, ingawa mlango ni uleule. Kwenye skwati wewe ndiye unayezuia mlango usizunguke, na kadiri unavyoshuka ndivyo anayeusukuma anavyosogea ukingoni.

Tuhesabu kwa mwili wako. Kiwiliwili, kichwa na mikono ni takribani theluthi mbili ya uzito wa mtu, kwako tuseme kilo 44. Ongeza chuma cha kilo 60, nyonga inabeba kilo 104, yaani nguvu ya kama nyutoni 1,040. Kwa nusu skwati, tukadirie nyonga imetoka kwenye mstari kwa sentimita 15. Zidisha 1,040 kwa 0.15, unapata nyutoni-mita 156 hivi za kuizungusha nyonga. Sasa punguza chuma hadi kilo 45, lakini ushuke mpaka paja lilale sambamba na sakafu, umbali ufike sentimita 25. Nyonga inabeba kilo 89, na 890 mara 0.25 ni kama nyutoni-mita 222. Umbali huo nimeukadiria tu, urefu wa mapaja yako na jinsi unavyoinama mbele vitaubadilisha, lakini uwiano unabaki: umeondoa kilo 15, na kazi ya nyonga imepanda kwa zaidi ya theluthi moja. Mwaka na nusu umekuwa ukiongeza kilo na kuishia pale ambapo kazi ya makalio ndiyo inaanza kunoga. Mbele ya paja huko juu kulipata kazi ya kutosha, na suruali zako zinashuhudia.

Hii haijaishia kwenye hesabu. Mwaka 2019 watafiti wa Japani, Kubo na wenzake, waliwagawa wanaume katika makundi mawili kwa wiki 10. Kundi moja lilishuka mpaka magoti yakunjwe nyuzi 90, kama wewe, na lingine lilishuka mpaka nyuzi 140. Walipima ukubwa wa misuli kwa MRI. Makalio ya walioshuka kabisa yaliongezeka kwa asilimia 6.7, ya walioishia nusu asilimia 2.2. Mbele ya paja, makundi yote mawili yalikua karibu sawa. Hali yako imo humo karibu yote.

Tuje kwenye hipthrasti. Mgongo uko ukingoni mwa benchi, chuma kiko juu ya nyonga, nyayo zimekanyaga, unasukuma nyonga kwenda juu. Hapa uzito unaishukia nyonga yenyewe, na nguzo zake ni mbili, mabega upande mmoja na nyayo upande mwingine. Ukifika juu, nyonga iko mbali na nguzo zote mbili, kwa hiyo mzigo haupotei kama unavyopotea ukisimama na skwati. Hiyo ndiyo tofauti kubwa ya mazoezi haya: skwati inayabana makalio yakiwa yamevutika na kuyaachia yanapofupika, hipthrasti inaendelea kuyabana hata yakiwa yamefupika kabisa.

Hapa kuna dhana ambayo imeenea sana, hata kwa makocha wazuri: kwamba kwenye hipthrasti mzigo wa nyonga ni mkubwa kuliko wote pale juu. Mwaka 2021 maabara moja iliwapima wanaume 19 waliozoea vyuma, kwa kamera na sahani za kupimia nguvu za miguu, wakiinua asilimia 70 ya uwezo wao. Ikaonekana nguvu inayohitajika kunyoosha nyonga ni kubwa mwanzoni mwa kuinua, na inapungua kadiri unavyopanda. Haifi, lakini inapungua. Basi kwa nini juu ndiko kunakouma?

Kwa sababu mbili, na zote ziko ndani ya mwili. Ya kwanza ni magoti. Misuli mingi ya nyuma ya paja imevuka viungo viwili, nyonga na goti. Goti likiwa limekunjwa nyuzi 90 na nyonga imenyooka, misuli hiyo imelegea ncha zote mbili, haina pa kuvutia. Msaidizi ameondoka, na makalio yanabaki na kazi. Ya pili ni urefu wa makalio yenyewe. Msuli uliofupika sana hauna nguvu kama ulio katika urefu wa wastani, kwa hiyo ubongo unalazimika kuita nyuzinyuzi nyingi zaidi ili kupata nguvu ileile. Wito huo mkubwa ndio ule umeme aliokuambia kocha.

Na kipimo chenyewe kipo kweli. Bret Contreras, Mmarekani aliyeieneza hipthrasti, na wenzake walichapisha mwaka 2015 utafiti wa wanawake 13 wenye mazoezi. Umeme wa wastani kwenye sehemu ya juu ya makalio ulifika asilimia 69.5 ya ule unaotoka mtu akikaza makalio kwa nguvu zote kwenye hipthrasti, na 29.4 kwenye skwati. Kwa hiyo kocha hakudanganya. Alipokosea ni kuuchukua umeme kama kipimo cha kukua. Kifaa cha EMG kinasikiliza juu ya ngozi amri inayofika kwenye msuli. Hakipimi mvuto uliomo ndani ya msuli. Msuli uliovutika, kama makalio yalivyo chini ya skwati, unabeba mvuto mwingine unaotokana na kunyooshwa kwake tu, na mvuto huo hautoi umeme hata kidogo. Kifaa hakiusikii, lakini msuli unausikia, na ni miongoni mwa mambo yanayouambia ukue.

Njia ya kumaliza ubishi ni kuwafundisha watu kwa wiki kadhaa kisha kupima ukubwa. Chuo Kikuu cha Auburn huko Alabama kilifanya hivyo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2023. Vijana 34 ambao hawakuwa na mazoezi waligawanywa, kundi moja hipthrasti tu, jingine skwati tu, wiki tisa, na makalio yakapimwa kwa MRI. Siku ya kwanza waliwawekea pia vifaa vya umeme, na kama ilivyotarajiwa hipthrasti iliongoza. Mwisho wa wiki tisa makalio ya makundi yote mawili yalikuwa yamekua karibu sawa. Aliyekuwa na umeme mwingi siku ya kwanza hakuwa ndiye aliyekua zaidi. Tofauti kubwa ilitokea kwenye mapaja: waliopiga skwati walikua zaidi mbele na ndani ya paja, na wa hipthrasti hawakukua sana huko. Hawa walikuwa wanaanza kabisa, wewe una mwaka na nusu, kwa hiyo usitegemee kwamba mwili wako utajibu kwa kasi yao. Lakini kwa swali lako nauona huu kuwa ushahidi mzito kuliko wa umeme.

Kwa hiyo ushauri wa kocha unasimama kwa sababu nyingine kabisa. Hipthrasti inakufaa kwa kuwa inakuza makalio bila kuyabebesha mapaja. Lingekuwa lengo lako ni miguu yenye nguvu kwa jumla na una nafasi ya zoezi moja tu, ningekuambia bila kusita ushike skwati ya chini. Kwa mtu ambaye mapaja tayari yanambana, hipthrasti iwe kuu, na skwati ibaki kidogo lakini ishuke kweli. Sikushauri uiache kabisa, kwa sababu kazi nzito ya makalio yakiwa yamevutika hujawahi kuifanya hata siku moja, na ni sehemu ya mwendo ambayo hipthrasti haiigusi vya kutosha: benchi na sakafu vinakuzuia kuikunja nyonga kama skwati inavyoikunja.

Sasa hizo kilo 80 ulizozisikia kila mahali isipokuwa panapotakiwa. Nyuma ya mapaja kukisikika kuliko makalio, mara nyingi nyayo ziko mbali. Ukifika juu, mwambie mtu akupige picha ya ubavuni. Mfupa wa mguu kutoka goti hadi kifundo unatakiwa usimame wima. Mfupa huo ukiwa umelala, wayo ukiwa mbele ya goti, goti limefunguka, tuseme nyuzi 120, na misuli ya nyuma ya paja imepata tena urefu wa kuvutia, kwa hiyo imerudi kazini. Vuta nyayo karibu kwa upana wa vidole vinne, ujaribu tena. Ukizivuta mno, magoti yatapita vidole vya miguu na mbele ya paja ndiko kutawaka, na hilo pia hulitaki.

Kiuno ni habari ya uzito. Nyonga ikishindwa kumalizia nyuzi 10 au 15 za mwisho, mgongo wa chini unajipinda kumalizia badala yake. Kwa macho inaonekana umefika juu, chuma kiko juu, lakini aliyefika ni uti wa mgongo. Utajua kwa mbavu: zikifunguka na kuelekea dari, na kichwa kikaanguka nyuma, ujue makalio yaliachia kabla. Weka ukingo wa benchi chini kidogo ya mabapa ya mabega, kidevu kiingie ndani, macho yatazame mbele kuelekea magotini, na ukifika juu kifua, tumbo na paja vikae mstari mmoja ulionyooka. Usipite hapo. Benchi lenye kimo cha sentimita 40 hivi linawatosha wengi. Likiwa refu zaidi, mgongo unateleza na mpangilio wote unavunjika.

Kipimo ninachokiamini kuliko hisia ni kusimama juu kwa sekunde mbili kila rudio bila mbavu kufunguka. Anza na kilo 40. Ukiweza mara 10 kwa utulivu, ongeza kilo 5. Siku utakayoshindwa kusimama hizo sekunde mbili kwenye rudio la nane, huo ndio uzito wako kwa sasa, na sitashangaa ukiwa 50 au 55. Kuhusu kusikia makalio yakiungua, usijipe shida. Mvuto mkubwa chini ya skwati mara nyingi hausikiki kama moto hata kidogo, na kesho yake ndipo utajua ulifanya kazi.

Kwa skwati, rudi kilo 35 au 40 na ushuke mpaka mkunjo wa nyonga ufike usawa wa juu ya goti, au chini yake ukiweza. Kikomo chako ni pale fupanyonga linapoanza kujikunja chini na mgongo wa chini kuviringika. Simama kidogo juu ya hapo. Visigino vikinyanyuka, kifundo ndicho kinachokuzuia: weka visahani vya kilo mbili na nusu chini ya visigino, wengi hushuka vizuri mara moja. Kujua kina halisi, pigwa video simu ikiwa usawa wa goti. Ikiwa usawa wa kichwa itakudanganya, kila skwati inaonekana ya chini.

Siku mbili kwa wiki zinatosha. Siku ya kwanza, hipthrasti seti nne za mara 8 hadi 12, kisha skwati ya chini seti tatu za mara 8. Siku ya pili, angalau siku mbili baadaye, hipthrasti seti nne tena, na badala ya skwati fanya zoezi la kuinama kwa nyonga ukiwa na chuma mikononi, magoti yamelegea kidogo tu, seti tatu. Hilo linavuta makalio katika mkunjo mkubwa bila kuongeza kazi mbele ya paja. Kila seti iishie pale unapohisi ungeweza mara moja au mbili zaidi. Kilo zitakazoongezeka haraka wiki za kwanza ni mwili kujifunza zoezi, nyama bado. Pima makalio kwa futi ya fundi cherehani, mahali panene zaidi, asubuhi kabla ya kula, na paja nalo katikati. Andika. Rudia baada ya wiki 12, si kabla. Na kama unakula kwa kujinyima ili mapaja yapungue, makalio hayatakuwa na cha kujengea, hilo liwe wazi tangu mwanzo.

Maumivu ya kiuno uliyoyasikia, yakiisha ukishapunguza uzito na kurekebisha mbavu, yalikuwa ya mkao. Yakibaki zaidi ya wiki mbili hata kwa kilo 40, nenda kwa mtaalamu wa tiba ya viungo akushike na kukutazama, kwa sababu maandishi hayawezi kuona nyonga yako. Fanya hivyo pia ukisikia kinenani kitu kinachobana kila unaposhuka chini kwenye skwati: wapo watu ambao kichwa cha paja na kikombe chake vinagongana katika mkunjo mkubwa, na kwao kulazimisha kina ni kujiumiza. Maumivu ya mahali pamoja, kwenye mfupa wa kukalia, yanayozidi ukikaa muda mrefu, mara nyingi ni kano ya nyuma ya paja, na hiyo inahitaji mpango wake kabla hujaendelea kuinama na chuma. Kama umejifungua miezi ya karibuni, au mkojo unavuja ukiinua, anza kwa mtaalamu wa misuli ya sakafu ya nyonga, chuma kitasubiri. Maumivu yakishuka mguuni kupita goti, pamoja na ganzi au unyayo kukosa nguvu, acha kunyanyua na umwone daktari wiki hiyohiyo. Ganzi ikiwa sehemu za siri na eneo la kukalia, au ukashindwa kuzuia au kutoa haja, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Nitumie video mbili za ubavuni, moja ya skwati ukiwa chini kabisa na moja ya hipthrasti ukiwa juu, sekunde chache kila moja. Hapo nitaweza kukuambia kuhusu nyayo na mbavu zako kwa uhakika zaidi kuliko haya niliyoyaandika kwa kukadiria.